Uso wa simu, mwili wa kamera

"Wakuu, bi mkubwa alifumba macho kwenye picha ya harusi iliyopigwa na kamera usiku ukumbini. Nimebandika uso wake wa picha ya simu, rangi nimeweka sawa lakini bado unaonekana kama stika. Nifanyeje?"

Mkuu, kwenye hiyo rangi usiamini macho, linganisha na shingo. Kwenye Photoshop weka leya ya Curves juu ya uso tu, halafu fungua Channels utazame Red, Green na Blue moja moja, kila moja itakuja nyeusi na nyeupe, na hapo ndo utaona uso umekolea au umepauka kuliko shingo, basi vuta mstari wa Curves wa chaneli hiyo hiyo hadi mpaka wa kidevu upotee. Ukumbini taa huwa za njano so mara nyingi Blue ndo inasumbua.

Ustika wenyewe unaletwa na chenga. Simu inazilainisha yenyewe, kamera usiku imepandisha ISO so mwili umejaa chenga, uso uko laini kama sabuni. Ukishamaliza kuukuza au kuupunguza uso (sio kabla, chenga nazo zitabadilika saizi), weka leya ya 50% gray, mode Overlay, ibane kwenye uso, weka Add Noise, anza na 5%, halafu Gaussian Blur 0.5 maana chenga za kamera hazina makali vile. Monochromatic itoe kama shingoni zina rangi rangi. Kagua kwa zoom ya 100%, ukirudi mbali inakudanganya.