Maswali ya wasomaji: herufi nyeupe zenye ukingo mweusi

Zile herufi nene nyeupe za picha za vichekesho zinaitwaje, na kwa nini kila mtu alitumia hizo hizo? (Msomaji wa Ngamiani, Tanga)

Ni fonti iitwayo Impact, iliyochorwa na Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa ajili ya vichwa vya habari na mabango. Mwaka 1996 Microsoft iliiweka miongoni mwa fonti ilizozigawa bure kwa matumizi ya mtandaoni, hivyo ikawa karibu katika kila kompyuta. Tena ni nene lakini nyembamba kwa upana, jambo lililotufaa sisi wenye maneno marefu, kwani WANAKUSUBIRI huenea katika mstari mmoja bila kupunguzwa.

Ukingo mweusi ni pambo tu?

Sivyo. Chukua picha ya bandari yetu, mawingu meupe juu na maji yenye kiza chini. Maandishi meupe matupu yatapotea mawinguni, na meusi yatapotea majini. Ukiyapa meupe ukingo mweusi, yatasomeka pote pawili, nawe huna haja ya kujua mapema picha itakuwa ya rangi gani. Kosa la kawaida ni programu kuchora ukingo katikati ya mpaka wa herufi, hata nusu yake ikaingia ndani na kula weupe. Utalitambua kwa mistari myeupe ya herufi kuwa myembamba kuliko ilivyokuwa. Dawa yake ni kunakili maandishi, nakala yenye ukingo ikae chini na ile isiyo na ukingo ikae juu yake.

Mpwa wangu amelicheka tangazo langu la vitumbua, eti ni la kizamani. Kosa liko wapi? (Mama wa Chumbageni)

Shikamoo mama. Herufi zako hazina kosa. Zimezoeleka mno kwa kazi nyingine. Tangu picha za paka zilipovuma mwaka 2007, mstari wa juu ulitayarisha mzaha na wa chini ukaumaliza, na tovuti za kutengenezea picha hizo zikaurudia mpango huo hadi msomaji akaujua mzaha kabla ya kusoma. Kwa hiyo VITUMBUA MOTO juu na bei chini humfanya kijana angoje kichekesho kisichokuja. Siku hizi wao huongeza utepe mweupe juu ya picha na kuandika humo kwa herufi nyeusi za kawaida, au huandika jina juu ya kila mtu pichani. Nawe ongeza utepe wa kama sehemu moja ya tano ya kimo cha picha, uandike humo; hapo hata kingo za vitumbua, ambazo ndizo zinazouza (nakiri nimezitamani), hazitafunikwa.

Basi mtindo huo hauna kazi tena?

Unayo kwenye video, ambako nyuma ya maandishi hubadilika kila mara. Tumia herufi ndogo za kawaida, ukingo mwembamba, na mstari mmoja wa chini peke yake.