Jino Lililotibiwa Mzizi Likirudi Kutoa Usaha: Kwa Nini Nilikatwa Ncha ya Mzizi

Kipele kidogo cha fizi juu ya jino lililokwisha tibiwa mzizi si cha kupuuzwa, hata kama hakiumi. Changu kilitokea juu ya jino la mbele. Kilivimba, kikapasuka, kikatoa usaha wenye ladha ya chumvi, kikanywea, halafu kikarudi. Maumivu hayakuwapo kwa sababu usaha ulikuwa na njia ya kutokea, na ndiyo maana watu hukaa na vipele hivi miaka.

Daktari wa meno hapa Mombasa alipenyeza kijiti laini cha gutapacha, mpira ule ule wa kuzibia mizizi, ndani ya kitundu cha kipele, akapiga eksirei. Kijiti kilikwenda moja kwa moja hadi ncha ya mzizi, penye doa jeusi la mviringo, pale mfupa ulipoliwa.

Kwa kawaida hapo hakuanzwi na kisu. Jino hufunguliwa tena kwa juu, uzibaji wa zamani hutolewa na mfereji ulio ndani ya mzizi husafishwa upya. Kama uzibaji haukufika nchani mwa mzizi, au kofia ya jino inavujisha mate, hiyo ndiyo njia ya kuanzia, kwa kuwa kukata ncha ya mzizi kwa upasuaji hakuzuii vijidudu vinavyoingilia juu. Mwulize daktari wako hili kabla ya kukubali upasuaji wowote.

Langu lilikuwa na kofia imara, na chini yake nguzo ya chuma iliyogandishwa ndani ya mzizi. "Dada, nikiing'oa nguzo hii naweza kuupasua mzizi," aliniambia, "na mzizi ukipasuka kwa urefu, sina la kufanya ila kung'oa." Uzibaji wenyewe ulionekana mzuri kwenye picha, kwa hiyo shida ilikuwa kule nchani. Upasuaji huchaguliwa pia pale kijisindano cha kusafishia kilipovunjikia ndani, au jino lilipokwisha rudiwa na bado halikupona.

Kabla ya kunipangia siku alipima fizi kuzunguka jino zima kwa kipimo chembamba chenye alama za milimita. Kipimo kikizama ghafla mahali pamoja tu, huenda mzizi una ufa, na hapo upasuaji ni kupoteza pesa. Changu hakikuzama.

Siku yenyewe nilichomwa ganzi, fizi ikachanwa na kuinuliwa, kikatobolewa kidirisha kwenye mfupa. Nyama iliyooza ilikwanguliwa na kupelekwa maabara. Kisha mzizi ulikatwa milimita 3 hivi. Urefu huo una sababu: vijifereji vya pembeni, ambavyo usafishaji wa kawaida hauvifikii, vimejazana zaidi kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Pale palipokatwa pakachimbwa tena ndani ya mfereji kama milimita 3 kuelekea upande wa kofia, pakazibwa kwa saruji maalumu ya meno isiyoharibiwa na unyevu. Fizi ikashonwa. Nilisikia mtetemo na maji mengi, maumivu hapana.

Ganzi ikiisha ndipo mambo huanza. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo usishtuke ukiamka na mdomo mkubwa kuliko jana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi au kumi na tano kisha unapumzisha, husaidia siku ya kwanza. Kwa joto letu la pwani, weka ya kutosha kabla hujaenda. Shangazi alinichemshia maji ya chumvi nisukutue jioni ile ile. Nilimwomba radhi, maana kusukutua mapema hung'oa bonge la damu linalolinda kidonda. Kesho yake ndiyo unaanza, kwa upole, maji vuguvugu.

Usiinue mdomo kutazama nyuzi kwenye kioo. Kila mtu hutamani, na nyuzi hufumuka hivyo hivyo. Kula uji uliopoa, ndizi za kuponda, mbaazi za nazi zilizoiva sana. Viazi karai na kachri zisubiri. Dafu nywea kwenye gilasi, si kwa mrija. Sigara na mogoka weka kando, moja huchelewesha kupona na nyingine huacha majani kwenye mshono. Nyuzi hutolewa baina ya siku 3 na 7.

Homa, usaha, au uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu ni sababu ya kurudi kwa daktari bila kungoja miadi. Ganzi ganzi ya fizi inaweza kukaa wiki kadhaa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba fizi ya jino la mbele inaweza kupanda kidogo ikaonyesha ukingo wa kofia. Ukicheka fizi zikionekana, lizungumze mapema.

Mfupa hujijenga polepole. Eksirei ya miezi 6 yaweza bado kuonyesha doa, ila liwe dogo kuliko la mwanzo. Ya mwaka mmoja hutoa picha iliyo wazi zaidi. Iweke ile ya kwanza, kwa sababu bila ya kulinganishia daktari hawezi kusema doa limepungua au limekua.