Hiyo 2x imetoka wapi?

"Naomba msaada wakuu, natafuta derivativu ya F(x) = ∫₁^(x²) √(1+t³) dt, mimi nimepata √(1+x⁶), kitabu kinasema 2x√(1+x⁶), hiyo 2x imetoka wapi?"

Mkuu umeweka x² pale kwenye t vizuri kabisa, ila hiyo √(1+x⁶) yako ni spidi ya eneo kuongezeka pale limiti ya juu inaposogea, na limiti yako ni x², haitembei mwendo mmoja na x, kwa hiyo lazima uzidishe na derivativu yake ambayo ndo hiyo 2x.

Jaribu na namba uone. Toa x kwenye 1 ipeleke 1.01, limiti inatoka 1 inafika 1.0201, yaani kipande kipya kina upana 0.0201 wala sio 0.01, na urefu wake ni kama 1.425, eneo linakuja karibu 0.0286. Gawa kwa 0.01 unapata 2.86 hivi. Fomula ya kitabu kwenye x=1 inatoa 2√2, kama 2.83, yako inatoa 1.41, nusu tu.

Na aliyesema uintegreti kwanza ndo udiferenshieti, ndugu yangu njia hiyo inakubali kwa 3t², ila hii ruti ya 1+t³ haina jibu la fomula za kawaida, utakesha nayo.

Na dada aliyeuliza ikiwa limiti ya chini ni x badala ya 1, ya kwako chukua hilo jibu la kitabu halafu upunguze √(1+x³) mwishoni.