Dakika za mitandao mingine: pesa inaenda wapi?

"Wakuu, bando langu lina dakika nyingi za mtandao wangu ila za mitandao yote ni kiduchu. Simu si ni ile ile? Kwa nini kupiga mtandao mwingine ni ghali?"

Mkuu, nimekaa miaka kadhaa kwenye kitengo cha kulinganisha hesabu kati ya mitandao, acha nikuelezee nilivyoiona.

Ukipiga ndani ya mtandao wako, simu inapita kwenye mitambo ya kampuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mitambo ikishajengwa, dakika ya ziada haiigharimu karibu chochote. Ukipiga mtandao mwingine, yule anayempokelea mwenzako anatumia minara yake, na kampuni yako inamlipa kwa kila dakika. Hiyo ndiyo gharama ya mwingiliano. Hapa Tanzania kiwango cha juu anapanga mdhibiti wa mawasiliano, TCRA: mwaka 2017 kilikuwa shilingi 26.96 kwa dakika, 2018 kikashuka hadi 15.60, na kufikia 2022 kikawa shilingi 2.

Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaweka rekodi zetu kando ya za wenzetu. Simu iliyoanza saa 5:58 usiku tarehe 31 na kukatwa saa 6:05, sisi tumeiweka mwezi huu, wao mwezi ujao, basi mnakaa mnabishana. Mkikubaliana, analipwa aliyepokea simu nyingi.

Hapo ndipo mtandao mdogo unapoweza kuumia. Wateja wake ni wachache, kwa hiyo simu zao nyingi zinatoka nje, na zikizidi zinazoingia, mtandao huo unalipa tofauti. Chukua mfano: zimetoka dakika milioni 10, zimeingia milioni 8. Kwa kiwango cha 2017, dakika milioni 2 za tofauti ni shilingi 53,920,000, na pesa hiyo inaenda kwa mshindani. Mtandao huo mdogo ukishusha bei ya kupiga nje, wateja wake wanapiga zaidi na deni linakua. Kwa kiwango cha 2022, tofauti hiyo hiyo ni milioni 4 tu.

Sasa utauliza, kama imeshuka hivyo, mbona bando bado linabagua? Kwa maoni yangu hapo gharama siyo sababu kubwa tena. Mtandao wenye watu wengi unajua kwamba dakika rahisi za ndani zinawavuta ndugu zako wote wanunue laini yake, na mkishakuwa humo ni vigumu kutoka. Ndiyo maana watu tunatembea na laini tatu.

Angalia pia jambo hili: tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Namba unayodhani ni ya mtandao wako kwa kuangalia tarakimu za mwanzo inaweza kuwa imeshahama. Ukiona dakika za mitandao yote zinapungua ulipompigia mtu huyo, muulize kama amehama kabla hujalalamika kwamba umekatwa kimakosa. Kesi nyingi nilizoletewa mezani zilikuwa hizo.