"Wabeja sana" siyo saini: kukagua ubora na kukabidhi kazi ni vitu viwili

Nimekaa kwenye kazi za kontrakta huku Mwanza muda mrefu sasa, na kesi ambayo imenifundisha kuliko zote ni ya vichanja vya dagaa kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela. Naiandika kwa sababu bado nawaona wenzangu wakiingia shimo lile lile, kazi safi kabisa halafu hela haitoki.

Mteja alikuwa kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa, hela zinatoka kwa mfadhili ambaye ofisi yake iko mjini. Tuliambiwa tujenge vichanja 40, kila kimoja mita 10 kwa mita moja na nusu, kimo mita moja toka chini ili dagaa wasishike mchanga, sakafu ya zege ya kuoshea, na tangi la lita 5,000.

Upande wa ubora tulikuwa makini kweli. Kila kichanja tulikiangalia kulehemu kwake, tukapima kimo, tukavuta wavu kuona kama unalegea. Zege tulichukua vipande vya kupima vya sentimita 15, tukavipeleka maabara vikavunjwa siku ya 7 na siku ya 28, na hivyo vya siku ya 28 vikavuka nguvu iliyotakiwa. Tangi tukalijaza tukaliacha usiku kucha, asubuhi maji yako pale pale. Fomu zote tiki, foremani kasaini, mimi nimesaini.

Siku ya kukabidhi akina mama wakapika, mwenyekiti akasimama akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana injinia, kazi tumeiona", tukapiga picha, nikatuma kwenye grupu la Watsapu watu wakajibu asante asante. Mimi nikajua imeisha. Tukabeba mashine tukaondoka.

Wiki tatu baadaye napeleka madai ya malipo ya mwisho, ofisi ya mfadhili wakaniuliza cheti cha mapokezi kiko wapi, kilichosainiwa na mteja. Sikuwa nacho. Wakamtuma mtu wao saiti akiwa na mkataba mkononi, hakuangalia hata kulehemu, akaanza kuhesabu tu. Tangi lina koki 2, mkataba unasema 4. Kila kichanja kiwe na turubai la kufunika mvua ikija, maturubai 40, hakuna hata moja.

Nilirudi kwenye makaratasi nikaona tatizo lilipoanzia. Maturubai na koki vilikuwa ukurasa wa vifaa, nyuma kabisa ya mkataba, na foremani alikuwa anafanyia kazi mchoro peke yake, na fomu zetu za ubora tulizitengeneza kutoka kwenye mchoro huo huo. Kwa hiyo zile koki 2 zilipita ukaguzi kihalali kabisa, hazivuji, zimefungwa vizuri. Ukaguzi wa ubora unauliza hiki kilichopo kimetengenezwa sawasawa? Hauulizi ambacho hakipo. Swali la pili, kwamba je, hiki ndicho tulichokubaliana, kimekamilika, na mteja anakipokea, hilo ni la uhakiki wa kazi iliyokubaliwa, na halijibiwi na fundi wala foremani, linajibiwa na mteja akiwa ameshika mkataba. La kwanza tunalimaliza sisi wenyewe ndani, na matokeo yake ndiyo tunayoyapeleka kwenye la pili. Ukigeuza, ukamwita mteja kabla hujajikagua, ataokota kasoro zako moja moja na imani inaondoka siku hiyo hiyo.

Sasa likaja zito zaidi. Kikundi kilikuwa kimefanya uchaguzi, mwenyekiti aliyesema wabeja ametoka, na mpya anasema hawezi kupokea mpaka tujenge njia ya zege kutoka majini hadi kwenye vichanja kwa sababu mama zetu wanateleza wakibeba ndoo. Ombi la maana kabisa, nimeiona ile njia wakati wa mvua. Lakini haimo kwenye mkataba, na mimi sina karatasi inayoonyesha kazi ya mwanzo ilishapokelewa, hivyo deni langu na ombi lake vikawa fungu moja.

Tulichofanya, tulikaa chini na mwenyekiti mpya na yule mtu wa mfadhili, tukachora jedwali kwenye daftari. Tukaandika kila kitu cha mkataba mstari wake, mbele yake kimepokelewa au hakijapokelewa, na kama hakijapokelewa kwa nini. Vichanja vimepokelewa, sakafu imepokelewa na majibu ya maabara tukayabana pale pale. Koki na maturubai havijapokelewa, ni deni letu, tumalize ndani ya siku 14 kwa gharama yetu. Njia ya zege tukaiandika karatasi nyingine kabisa kama ombi la mabadiliko, na bei yake na siku zake, mfadhili akaamue. Mama mwenyekiti alipoona ombi lake limeandikwa halijatupwa, alisaini lile jedwali bila shida. Malipo yalikuja, lakini tangu ile sherehe mpaka hela kuingia ilipita miezi minne, na mafundi wangu walikuwa wananidai muda wote huo.

Tangu hapo fomu ya mapokezi naitengeneza wiki ya kwanza kabla hata mchanga haujashushwa, na naitoa kwenye mkataba ukurasa kwa ukurasa, siyo kwenye mchoro. Kwenye mkataba tunaandika nani anasaini kwa cheo chake, siyo kwa jina, maana viongozi wanabadilika. Tunaandika pia mteja ana siku ngapi za kujibu baada ya kuitwa, mimi huwa naomba 10, na zikipita kimya inakuwaje. Usipoandika hilo, kimya chake usikihesabu kama kapokea.

Halafu nakabidhi kwa vipande. Nondo za msingi mteja azione na asaini kabla zege halijamwagwa, ukishafunika hakuna wa kuona tena. Na hata mradi ukisimama katikati kwa sababu hela imekata, bado naita uhakiki, tunaandika kipi kimefika wapi, maana bila hivyo miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka nani aliacha nini.

Kuna mtu aliniuliza, akishasaini si umetoka? Hapana. Saini inasema amepokea kilichoonekana siku ile. Ukipasuka ufa ndani ya kipindi cha matazamio kilichoandikwa kwenye mkataba, unarudi kurekebisha, na ile sehemu ya malipo aliyoizuia mteja hutaiona mpaka kipindi kiishe. Ndiyo maana fomu za ubora usizitupe hata baada ya cheti, ndizo zitaonyesha kama ufa umetoka kwenye zege lako au kwenye gari la mtu lililopanda sakafu.

Kingine ni siku ya kuwaita. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, na asubuhi yake akina mama hawana hata dakika, ukiwaita watakusainia wakiwa wima bila kuangalia, na saini ya namna hiyo ndiyo inakuja kukataliwa baadaye. Mimi sasa nasubiri mbalamwezi, mitumbwi imepumzika. Kazi yangu ya mwisho tulizunguka saa tatu nzima, mama mmoja akafungua kila koki akasubiri maji yatoke, mwingine akahesabu maturubai kwa kuyakunjua moja moja. Mawili yalikuwa yametoboka, tukayaandika, nikayabadilisha kesho yake, ndipo wakasaini.