Volti, ampea na omu kwa mwanafunzi asiyejua hesabu

*"Wakuu, nafundisha vijana umeme wa magari gereji. Hesabu ziliwapita kushoto. Nikitaja volti, ampea na omu wanaona ni kitu kimoja. Mnatumia mfano gani ukaeleweka bila fomula?"*

Mkuu, tumia tanki la maji lililo juu ya mnara, ila usiishie pale ambapo wengi huishia. Wengi husema volti ni msukumo wa maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja, na omu ni wembamba wa bomba. Kijana anaitikia, kesho anachanganya tena, kwa sababu hajaambiwa kwamba msukumo unaweza kuwepo bila maji kutembea. Hapo ndipo pa kukaza.

Mwambie afikirie bomba lililojaa kutu ndani, na koki ya mwisho imefungwa. Ukipima msukumo pale kwenye koki utaukuta wote, kama vile bomba ni jipya, kwa kuwa maji yaliyosimama hayasuguani na kutu. Fungua koki kidogo, kikombe kinajaa vizuri tu. Ifungue yote, maji yanakuja kwa kusuasua, maana msukumo mwingi unaishia kwenye kutu. Kutu ni ileile, ila kadiri maji mengi yanavyotaka kupita ndivyo inavyokula msukumo zaidi.

Sasa mpeleke kwenye gari. Tuseme limeletwa haliwaki: taa kubwa ziko sawa, ukipiga stata inagonga "ka!" na kunyamaza. Kijana anapima betri, anakuta volti 12.6, anasema betri nzima, stata imekufa. Kabla hajaifungua, weka gia huru, mita iwe kwenye volti za DC, mkono mmoja wa mita uguse kichwa chenyewe cha betri (ile risasi), mwingine uguse kibano cha waya kilichokikamata. Gari likiwa limezimwa mita inasoma sifuri. Mwenzake apige stata. Kiungo kizima hakifiki hata nusu volti. Kichafu kitaruka, tuseme, hadi volti 5. Wakati huohuo ukipima betri kichwa kwa kichwa unakuta 12, kwa hiyo waya zinazokwenda kwenye stata zimebakiwa na 7. Stata haina kosa. Kile kiungaunga cheupe chini ya kibano ndiyo kutu yetu.

Na taa? Taa kubwa mbili za balbu za kawaida zinavuta kama ampea 10, wakati stata ya gari dogo inataka zaidi ya 100. Taa ni kikombe, stata ni koki iliyofunguliwa yote. Kijana akilishika hili, hatakuuliza tena kwa nini "umeme upo lakini gari haliwaki".

Atajaribu pia kupima kiungo hicho kwa omu. Mwache ajaribu. Mita italia "piiip" kuonyesha waya umeunganika, kwa sababu kizuizi chenyewe ni sehemu ndogo sana ya omu moja, na waya za mita ya bei rahisi peke yake zinaweza kuwa na zaidi ya hapo. Mita inapitisha mkondo kiduchu mno, ni kama kukagua bomba kwa kudondosha tone. Ndiyo maana tunapima kwa volti, mzigo ukiwa unavuta.

Kusafisha wanajua: toa waya wa hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye magadi soda, piga brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha rudia kipimo kilekile.

Mfano huu una mahali unadanganya, na lazima useme mapema. Maji yakitoka kwenye koki yanamwagika, basi vijana wanaamini balbu "inakula" mkondo na kinachorudi betrini ni kidogo. Kwa hiyo kwenye mchoro wako weka ndoo chini ya koki na pampu inayorudisha maji yote tankini. Pampu na tanki kwa pamoja ndiyo betri, na waya wa hasi pamoja na bodi ya gari ndiyo njia ya kurudi. Kisha kata waya kabla ya balbu ndogo ya indiketa, ingiza mita ya ampea. Hamisha, iweke baada ya balbu. Namba ni ileile. Kilichopungua ni volti, na hiyo wataiona wakigusa pande mbili za balbu.

Pia bomba likikatwa linamwaga, lakini waya ukikatwa mkondo unasimama njia nzima. Hilo sijapata namna ya kuliingiza kwenye tanki bila kuvuruga mengine, kwa hiyo nalisema wazi kwamba hapo maji na umeme vinaachana, halafu nachomoa waya mbele yao.