Meseji ya kukatika kwa mtandao: saa mnazipataje?

*"Nina kampuni ndogo ya intaneti ya faiba, wateja kama mia mbili. Mtandao ukikatika niwaandikie nini? Nikitaja chanzo na muda wa kurudi halafu usirudi, si ndiyo nimewapoteza kabisa?"*

Mkuu, wateja hukasirika zaidi pale unapoandika "hivi punde". Saa ya kurudi unaweza kuihesabu, ukishajua kazi ya kuunga inavyokwenda. Nikupe siku moja ya kwetu, maana ile inaonyesha hesabu yote.

Saa 3:40 asubuhi mtaa mzima ulizimika kwa pamoja, taa ya LOS, ile inayoonya kwamba mwanga wa faiba haufiki, ikawa nyekundu majumbani. Umeme ulikuwepo na vifaa vyetu vilikuwa vinawaka, kwa hiyo tukajua ni waya. Tukachomeka OTDR ofisini, kile kifaa cha kupima uzi kwa mwanga, ikasoma kwamba mkongo umekatika mita 4,100 kutoka pale. Kumbuka kipimo hicho ni cha urefu wa uzi, si wa barabara. Ile akiba iliyozungushwa kwenye chemba na juu ya nguzo nayo inahesabiwa, kwa hiyo sehemu yenyewe huwa karibu kuliko namba inavyosema. Hapo tulikuwa na jambo moja tu la hakika, na meseji ya kwanza ikabeba hilo tu: mkongo umekatika, mafundi wako njiani kutafuta sehemu, taarifa nyingine saa 5 asubuhi. Saa ya kurudi hatukuitaja, kwa sababu hatukuwa nayo.

Saa 5 tulikuwa tumesimama juu ya tatizo lenyewe: katapila lililokuwa linachimba mtaro wa barabara limeuvuta mkongo wa nyuzi 24. Sasa hesabu ikawezekana. Kuchimba kuuweka wazi pande zote mbili, mpaka saa 6:30 mchana. Kuuvua maganda na kuandaa boksi la kuungia, mpaka saa 7:30. Uzi mmoja kuumenya, kuusafisha, kuukata, kuuchomelea na kuuvalisha kinga ni kama dakika tano kwa fundi mzoefu. Kama akiba ya chemba ya jirani inatosha kuvutwa, unaunga sehemu moja: nyuzi 24, saa mbili. Isipotosha, unaweka kipande kipya katikati, unaunga ncha zote mbili: nyuzi 48, saa nne. Kwa hiyo ni saa 9:30 alasiri au saa 11:30 jioni. Tukaongeza nusu saa ya kupima, meseji ikatoka hivi:

> Intaneti imekatika saa 3:40 asb. Sababu: mkongo wetu umekatwa na katapila barabarani. Itarudi kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Taarifa nyingine saa 8 mchana.

Inaingia kwenye herufi 160, yaani meseji moja ya kawaida. Usitegemee kundi la WhatsApp peke yake. Wengi wanalisoma kwa hiyo hiyo Wi-Fi iliyokatika. Na andika "jioni", si 16:00, utaokoa simu nyingi za kuuliza.

Hiyo saa 8 mchana hatukuiokota tu. Ndiyo saa ambayo tungekuwa tayari tunajua kama akiba imefika au haikufika. Haikufika, tukawaambia: sasa ni saa 12 jioni, si saa 10. Hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu saa 12 walishaiona tangu asubuhi. Ungewapa saa 10 peke yake, ungeanza kujitetea.

Nyuzi zenyewe msiunge kwa mpangilio wa rangi tu. Anzeni na zinazobeba wateja. Uzi mmoja wenye kigawanyi unaweza kurudisha nyumba 32, na nyingine ni za akiba, zinaweza kusubiri.

Kuna wakati huwezi kutoa saa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, mtoa huduma mdogo hakuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri meli ya ukarabati. Hapo sema wazi kwamba hitilafu iko baharini, eleza nini bado kinafanya kazi na nini kinasuasua, kisha ahidi saa ya taarifa, si saa ya kurudi. Saa hiyo ikifika andika hata kama hakuna jipya.

Meseji ya mwisho usiitume fundi anapofunga boksi. Mpigie kwanza mteja wa mwisho wa njia, akuthibitishie taa. Kisha waambie wote: huduma imerudi, nani bado LOS yake ni nyekundu atupigie. Huyo mara nyingi ana tatizo la waya wake wa kuingilia nyumbani, na asipoambiwa atakaa kimya akidhani mtaa mzima bado umekatika.